Kuanzia na picha ya sebuleni: namna ya kufundisha historia ya sanaa darasa la jioni

Mara ya kwanza nilipofundisha historia ya sanaa jioni, nilianza na wanyama waliochorwa kwenye kuta za mapango, nikahamia Misri, na nilikuwa nimepanga tufike Ugiriki kabla mwezi haujaisha. Hatukufika. Wiki ya tatu kati ya wanafunzi kumi na wanne walikuja wanne, na mmoja wao nadhani alikuwa anasubiri mvua ikatike. Mama mmoja muuza vitenge aliniambia bila kuuma maneno: "Mwalimu, hayo mambo ni mazuri, ila tunayaona kwako tu. Tukitoka hapa hatuyaoni tena."

Tangu siku hiyo naanza na picha ambayo tayari wanayo nyumbani, kisha tunairudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka ilikotoka. Hapa naeleza jioni moja tu, ile ninayoiamini kuliko zote: jioni ya Karamu ya Mwisho. Unaijua picha hiyo. Iko sebuleni kwa shangazi, juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu ya plastiki ya dhahabu, wakati mwingine na saa ya ukutani imebandikwa kwenye kona. Machinga huipitisha mtaani bega moja, bega lingine amebeba kioo.

Chagua picha yenye ukoo

Si kila picha ya mtaani inafaa kuwa mlango. Mabango ya wachezaji mpira hayajanifaa: watu wanamzungumzia mchezaji, picha yenyewe hawaioni. Ninayoitafuta ni picha yenye sifa tatu. Iwe nyumbani kwa wanafunzi walio wengi, au kwa jirani yao. Iwe na mzazi anayejulikana, yaani kazi ya awali yenye mahali na mwaka. Na iwe na ndugu, yaani wachoraji wengine waliochora jambo lile lile kwa namna nyingine. Hiyo sifa ya tatu ndiyo watu huisahau, na bila hiyo hakuna historia. Picha moja peke yake inaweza kusifiwa tu. Zikiwa mbili ndipo mtu anaanza kuuliza kwa nini huyu alifanya hivi na yule akafanya vile. Mwanazuoni Heinrich Wölfflin aliijenga mihadhara yake juu ya picha mbili zilizomulikwa ubavu kwa ubavu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo sijaona njia iliyo bora.

Neno kuhusu imani. Darasa langu lina Wakristo na Waislamu, na wapo Waislamu wasiopenda kukaa mbele ya picha inayomwonyesha nabii. Wiki moja kabla nawaambia wote picha itakayokuja, na kwamba tutaitazama kama kazi ya mkono wa mtu aliyekuwa na ukuta, rangi na bosi wa kumlipa. Anayeona haimfai ninampa kazi ya khanga, nitakayoieleza baadaye, naye hapotezi kitu. Mzee mmoja alikuja hata hivyo, akatukumbusha kuwa sura ya Al-Maida inazungumzia wanafunzi wa Isa walioomba meza ya chakula ishushwe kutoka mbinguni. Mazungumzo yalianzia hapo, na sikuwa nimeyapanga.

Vifaa

Azima picha yenyewe ya sebuleni, na fremu yake na vumbi lake. Usiibadilishe kwa nakala safi ya kwenye mtandao, kwa sababu makosa ya ile ya machinga ndiyo yatakayotufundisha.

Kisha chapisha picha nne kwenye karatasi za A3 pale steshenari, za rangi, karatasi nene kidogo. Ya kwanza ni mchoro wa Leonardo da Vinci ulivyo leo ukutani Milano. Ya pili ni nakala yake iliyochorwa na mwanafunzi wake Giampietrino, karibu mwaka 1520. Ya tatu ni Karamu ya Andrea del Castagno ya Firenze, ya mwaka 1447 hivi. Ya nne ni ya Tintoretto ya Venisi, ya miaka 1592 hadi 1594; hiyo ifiche mpaka mwisho. Zote zinapatikana Wikimedia Commons kwa ukubwa wa kutosha, na wachoraji walikufa zamani kiasi kwamba hakuna wa kukudai haki. Agiza nakala tatu tatu za kila moja ili watu wasigombee meza moja.

Projekta ukiwa nayo ni vizuri, lakini usiitegemee. Umeme ukikatika saa moja na nusu, darasa la projekta limekwisha, ila darasa la karatasi linaendelea kwa taa ya kuchaji. Ongeza uzi mweusi, pini, kipande cha boksi gumu, futi ya fundi, kamba ya kuanikia nguo ya mita sita na vibanio.

Robo saa ya kutazama bila jina

Tunaanza saa kumi na mbili na nusu. Watu wametoka kazini, wamesimama kwenye daladala, wengine hawajala. Usiwahutubie. Weka picha ya sebuleni mbele, waambie wasogee, kisha nyamaza kwa dakika mbili. Dakika mbili za kimya ni ndefu kuliko unavyodhani, na mwalimu ndiye anayeshindwa kwanza.

Maswali ninayotumia baada ya hapo ni matatu tu, na sikuyatunga mimi. Abigail Housen na Philip Yenawine waliyatengeneza Marekani kwa ajili ya watu wasio na msingi wowote wa sanaa: Kuna nini kinachoendelea hapa? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Kuna nini kingine? La pili ndilo lenye kazi. Mtu akisema "wamekasirika," usimwambie umepata wala umekosa; muulize ameona nini. Ataonyesha mikono. Mwingine ataonyesha yule aliyeinua kidole juu. Wewe gusa kwa kidole kila kinachotajwa, kirudie kwa maneno mengine, basi.

Tatizo la picha hii ni kwamba wanaijua hadithi, kwa hiyo wataisimulia badala ya kuitazama. Utalijua tatizo hilo mara moja: macho yao yatakuwa kwako, si kwenye picha. Likitokea, wape kazi ya kuhesabu. Wako wangapi, na wamekaaje? Baada ya muda mtu atagundua kuwa wamekaa makundi ya watatu watatu, mawili kila upande, na mmoja katikati peke yake. Kuna vikundi vya wanafunzi vilivyochukua dakika kumi kuliona hilo kwenye picha waliyokaa nayo miaka ishirini.

Jina la mchoraji bado hujalitaja. Wapo watakaolijua na watalisema, waambie tunalihifadhi.

Meza kuu

Sasa uliza swali moja: meza hii imekaaje? Ninalisukuma kwa fundi seremala kama yupo. Wangu alicheka: "Watu kumi na tatu upande mmoja wa meza? Hata viti havitoshi. Hii ni meza kuu ya harusi."

Jibu hilo ni zuri kuliko lolote nililowahi kuandaa, na sasa nalisubiri kila mwaka. Meza kuu watu hukaa upande mmoja kwa sababu kuna wageni ukumbini wanaotakiwa kuwaona. Basi uliza: na hawa, wageni wao ni nani? Wamekaa wapi?

Hapo ndipo unapotaja mahali. Mchoro wa awali haukuwa wa kutundika. Uko ukutani, kwenye bwalo la chakula la watawa Wadominiko, konventi ya Santa Maria delle Grazie, Milano. Waliosoma bweni wanalijua bwalo: meza ndefu, sahani, na mkubwa wa shule amekaa mbele. Watawa walikula wakitazama ukuta ambao nao una meza, kitambaa, mikate na watu wanakula. Ludovico Sforza, aliyekuwa mtawala wa Milano, ndiye aliyemlipa Leonardo, na kazi ilifanyika kati ya 1495 na 1498 hivi.

Kisha waonyeshe ukubwa. Mchoro una upana wa mita 8.8 na kimo cha mita 4.6. Usiseme tu, mpe mtu futi mpime sakafuni. Chumba chetu hakikutosha, tukatoka nje uwanjani. Basi la Koasta lina urefu wa mita saba hivi, kwa hiyo picha inalipita. Mtu aliyepima kwa miguu yake mwenyewe haisahau tena tofauti kati ya ukuta wa bwalo na fremu ya sebuleni.

Uzi na pini

Bandika nakala ya Leonardo kwenye boksi. Dari lake lina mbao zinazokatana kuwa miraba, na ukutani kulia na kushoto kuna vitambaa vilivyotundikwa. Waambie wafuate kingo za mbao zinazokuja kwetu na kingo za juu za vitambaa, wanyooshe uzi juu ya kila ukingo na kuuendeleza mpaka uvuke kichwa cha Yesu. Fundi cherehani anafaa sana kazi hii. Mkono wake hautetemeki. Nyuzi zote zitakutana penye panja lake la kulia, yaani upande wa kushoto kwetu sisi tunaotazama. Piga pini hapo.

Huna haja ya kufundisha jometria. Watu wote wameona reli au barabara iliyonyooka inavyojibana mbali mpaka kingo zikagusana. Wachoraji wa Italia katika karne ya kumi na tano waligeuza jambo hilo kuwa kanuni ya kupimwa kwa uzi. Leonardo naye alipiga msumari ukutani. Tundu lake lilionekana mahali pale pale mlipopiga pini yenu. Kwa hiyo jicho linalofuata dari linaishia kwa Yesu hata kama mtazamaji hajui amepelekwa.

Tahadhari: jaribu uzi nyumbani kwanza, kwenye nakala ile ile. Ile ya machinga mara nyingi imechorwa upya na mtu asiyejali dari, na nyuzi zake hukutana begani, au hazikutani kabisa. Ukiipata ya namna hiyo, ifanye baada ya ile ya Leonardo. Darasa litagundua lenyewe kuwa aliyenakili alichukua watu akaliacha jengo.

Miguu iko wapi?

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo iliyowageuza wanafunzi wangu kuwa wapelelezi. Weka picha ya sebuleni na nakala ya ukuta wa Milano zilivyo, ubavu kwa ubavu. Waambie watafute tofauti kama wanavyotafuta kwenye magazeti ya watoto, na waziandike ubaoni.

Orodha itategemea picha uliyoazima. Yangu ilikuwa na duara la mwanga kichwani kwa kila mtume isipokuwa mmoja. Ukutani hakuna hata moja, kuna dirisha lenye mwanga nyuma ya Yesu linalofanya kazi hiyo. Yangu ilikuwa na kikombe kikubwa cha dhahabu mbele yake, kama cha misa, ukutani hakipo. Rangi za yangu zilikuwa za pipi. Halafu, kama una bahati, mtu atasema: hapa Yesu ana miguu chini ya meza, kule hana. Kule pana mlango.

Acha wabishane. Nani ameongeza, nani amepunguza? Wengi watasema aliyeuza picha ameongeza miguu kama alivyoongeza kikombe. Ni wazo la akili, ila si sahihi, na kulipima tunahitaji shahidi wa tatu. Toa nakala ya Giampietrino. Huyu alichora wakati Leonardo mwenyewe bado hai au ndiyo kwanza amefariki. Leonardo alifariki 1519. Turubai hiyo, mali ya Royal Academy ya London, ina miguu, imekaa vizuri chini ya meza. Basi miguu ilikuwepo. Mlango ndio uliokuja baadaye: mwaka 1652 watawa waliupanua mlango wa kwenda jikoni, wakakata ukuta na miguu ikaenda nao.

Kwa hiyo picha ya bei rahisi ya sebuleni inakumbuka kitu ambacho ukuta wenyewe umepoteza. Eleza kwa ufupi ilivyotufikia: mwaka 1800 Raffaello Morghen alitoa mchoro uliochongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa kwa wino, ukaenea sana Ulaya, na wachapaji waliofuata walinakili wino badala ya kusafiri kwenda Milano. Picha za kidini za viwandani ni vitukuu vya nakala za namna hiyo. Ndiyo maana kila kizazi kimeongeza lake, kikombe hapa, duara la mwanga pale.

Mama wa vitenge alisema kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari: "Kumbe hata nakala ina umri."

Kwa nini ukuta umechakaa hivyo

Mtu atauliza kwa nini picha maarufu kiasi hicho inaonekana kama ukuta wa choo cha stendi. Usijibu, mwulize fundi lipu. Wangu alieleza kwamba ukipaka rangi ya mafuta juu ya lipu yenye unyevu nyuma yake, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, kisha inabanduka.

Hilo karibu ndilo lililotokea. Namna ya kawaida ya Waitalia kuchora ukuta iliitwa fresko. Unapiga lipu ya chokaa, na kabla haijakauka unapaka rangi iliyochanganywa na maji. Chokaa ikikauka inaishika rangi ndani yake, hazitengani tena. Lakini lazima uwe mwepesi: unapiga lipu ya eneo utakalolimaliza siku hiyo tu, na ukikosea unabandua. Leonardo hakuweza kazi ya namna hiyo. Mwandishi Matteo Bandello, ambaye katika ujana wake alimwona Leonardo, anasimulia kwamba siku nyingine alichora tangu alfajiri mpaka giza bila kula, na siku nyingine zikapita kadhaa asiguse brashi. Akaamua kuchora juu ya lipu iliyokwisha kukauka, kwa rangi zenye mafuta na yai, ili aweze kurudi na kusahihisha. Mwaka 1517, mchoraji akiwa bado hai, mgeni mmoja aliyepita aliandika kwamba kazi imeanza kuharibika.

Yaliyofuata yataje haraka. Mwezi Agosti 1943 mabomu yaliliangusha paa la bwalo, na ukuta ulisimama kwa sababu ulikuwa umezungushiwa mifuko ya mchanga. Ukarabati mkubwa ulianza 1978 ukaisha 1999, ukiongozwa na Pinin Brambilla Barcilon. Leo mgeni huruhusiwa dakika kumi na tano tu ndani. Darasa langu lilijivunia sana hilo, maana wao walikuwa wameitazama kwa saa moja na nusu.

Yuda amehama

Sasa ndipo picha ya Castagno inapotoka. Iko Firenze, kwenye bwalo la masista la Sant'Apollonia, na ni fresko ya kweli, ndiyo maana rangi zake bado zimesimama. Weka ubavuni mwa Leonardo na uliza swali moja tu: msaliti ni yupi? Kwa Castagno mtoto wa darasa la pili atamwonyesha. Yuda amekaa peke yake upande wetu wa meza, nywele nyeusi, ndevu nyeusi, wengine wote wako upande wa pili.

Kwa Leonardo watahangaika. Wape muda. Amewekwa miongoni mwa wenzake, kundi la karibu upande wa kushoto kwetu, pamoja na Petro na Yohana. Ameegemea nyuma, uso wake una kivuli, mkono umeshika mfuko wa fedha. Petro ameinama nyuma yake na kisu mkononi. Kwenye nakala ya Giampietrino utaona pia kidau cha chumvi kimeangushwa karibu na mkono wa Yuda.

Kisha uliza ni dakika gani ya hadithi. Castagno amechora kikao kilichotulia, kila mtu na mawazo yake. Leonardo amechora kile kitambo baada ya kauli ya "mmoja wenu atanisaliti," habari inavyopita mezani na watu wanavyoshtuka kutoka katikati kwenda pembeni. Kumkalisha Yuda peke yake kungeharibu jambo hilo, kwa sababu kama anajulikana kwa kiti, wengine wana nini cha kuuliza? Kutoka 1447 hadi 1498 ni miaka hamsini hivi. Meza ni ile ile, hadithi ni ile ile, ila mchoraji wa pili anamtaka mtazamaji ashiriki mashaka. Ukifika hapa umefundisha historia ya sanaa hasa, na hujatumia hata neno moja la kukariri.

Swali moja litakuja, jiandae nalo. Kuna mtu amesoma riwaya au ameona filamu, na atasema yule kijana asiye na ndevu ubavuni mwa Yesu ni mwanamke. Usimdhihaki. Mrudishe kwa Castagno: pale Yohana amelala mezani kando ya Yesu, naye hana ndevu. Wachoraji wa Italia walikuwa na desturi ya kumchora Yohana kijana, laini wa uso, kwa sababu alihesabiwa kuwa mdogo wa mitume. Hilo halihitaji mamlaka ya mwalimu. Picha ya pili inalijibu.

Kamba ya miaka

Watu wazima wengi wanachanganya miaka ya zamani kuwa "zamani" moja. Dawa yangu ni kamba ya nguo. Ifunge ukutani kutoka kona hadi kona. Mita moja ni miaka mia. Mwisho wa kulia ni mwaka huu. Castagno anabanwa karibu mita 5.8 kutoka hapo, Leonardo nusu mita kulia kwake, mlango wa jikoni unaangukia mita moja na nusu baadaye, Morghen mita mbili na robo kutoka mwisho. Mwombe kila mtu abane karatasi yenye mwaka wa kuzaliwa wa bibi yake. Zote zitasongamana kwenye mita moja na ushee ya mwisho, na chumba kitanyamaza kidogo. Kamba hiyo ikunje uiweke. Jioni zijazo zote zitabanwa humo.

Yanayokwama

Likikwama, mara nyingi ni mwalimu. Unajua jibu la miguu na unatamani kulisema dakika ya tano. Ukilisema, watalipokea kwa adabu na hawatalikumbuka. Kipimo changu ni rahisi: kama nimezungumza dakika tatu mfululizo bila mtu kuinuka kwenda kwenye picha, nimeharibu.

La pili ni msemaji mmoja. Katika kila darasa la watu wazima kuna baba aliyesoma, na wengine humwachia nafasi kwa heshima. Mimi humpa kazi ya kuandika ubaoni wanayosema wenzake. Heshima yake inabaki na mdomo wake unapumzika.

La tatu ni wasiwasi wa mwenye picha. Ukishaonyesha kwamba kikombe kimeongezwa na rangi ni za pipi, aliyeazimisha anaweza kujisikia kuwa nyumba yake imechekwa. Ndiyo maana naishia kwenye miguu, ambako picha yake inaishinda ile ya Milano, na simalizii kwenye makosa.

Jioni inayofuata: khanga

Sitaieleza yote. Kila mtu alete khanga yenye lile umbo la tone lililopinda, wengine huliita korosho. Mtazame kwanza mpangilio, pindo, mji na jina, kisha mfuate umbo hilo tu. Linaturudisha kwenye shali za Kashmir, na kabla ya hapo Uajemi; Waskochi wa mji wa Paisley walilifuma kwa mashine karne ya kumi na tisa mpaka Waingereza wakaliita kwa jina la mji huo. Khanga yenyewe ilishika umbo lake pwani yetu mwishoni mwa karne hiyo hiyo, kutokana na leso zilizounganishwa, na neno leso ni la Kireno. Mombasa kuna chapa ya "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza 1887. Hatari ya jioni hii ni majina. Ukiruhusu mazungumzo ya majina mwanzoni, saa mbili zitaisha kwa vicheko na mafumbo ya mawifi, na umbo halitatazamwa. Funika majina kwa karatasi mpaka saa ya pili.

Namna ya kujua kama wameshika

Dakika kumi za mwisho za jioni ya Karamu, toa picha ya Tintoretto bila kusema lolote, wala la nani, wala la lini. Kaa nyuma ya darasa. Usiulize maswali yale matatu.

Meza ya Tintoretto imekatisha chumba kimshazari, imekimbilia gizani. Malaika wameumbwa na moshi wa taa. Watumishi wanapakua vyombo mbele yetu, na paka anachungulia kapu. Aliyeshika somo atatafuta meza kabla ya kutafuta Yesu. Atauliza picha hii ilikaa wapi na watu waliitazama kutoka upande gani, na jibu unalo: kanisa la San Giorgio Maggiore, kwenye ukuta wa pembeni karibu na altare, ambako mtazamaji huiona akiwa upande.

Mwaka jana fundi seremala ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alipima ukingo wa meza kwa uzi bila kuombwa, akakuta unaelekea mbali na kichwa cha Yesu, akageuka kunitazama. "Mwalimu, huyu msumari wake kaupiga wapi?"